Nilitumia korosho 30 kueleza kikoba cha shangazi kwa nini bati lilipanda

Mpwa wa Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, natoa mizigo bandarini Dar. Juzi nilikuwa likizo kijijini, Masasi, shangazi akanikamata. "Wewe si ndiye unayelala na meli huko? Jumamosi utakuja kikobani utueleze hii dola, maana wenzangu wanataka kumla mwenye duka nyama."

Kikundi chao kina watu 25, wanaume ni watatu tu. Kila Jumamosi wananunua hisa, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Wanavunja Septemba, kabla ya minada ya korosho, kwa sababu wanataka kuezeka kabla ya mvua. Kwa hiyo kwao hisa ni bati. Mtu anaweka akihesabu bati kichwani.

Sasa malalamiko. Mama mmoja mwanzoni mwa 2023 aliuliza bei dukani, akaambiwa bati la geji 30 ni 30,000. Akapiga hesabu ya bati 40, yaani 1,200,000. Akajinyima mizunguko miwili hadi ikatimia. Oktoba 2024 alipokwenda na pesa yake akaambiwa 34,000. Akaondoka na bati 35 na chenji ya elfu kumi. Nyumba ikaezekwa upande mmoja na robo tatu ya wa pili, kipande kilichobaki mpaka leo kina nyasi. Swali lake lilikuwa: hizo bati tano zilikwenda wapi, na bati lenyewe linatengenezwa hapahapa Dar?

Nilianza vibaya. Nikaeleza mahitaji na upatikanaji wa fedha za kigeni, baada ya dakika kumi mzee mmoja alikuwa anakoroma. Nikaomba korosho. Nikahesabu 30 juu ya mkeka, kila korosho ni shilingi elfu moja ya bei ya bati lile la zamani, nikazigawa marundo matatu.

Rundo la kwanza, korosho 18. Hii ni pesa inayotoka nje ya nchi. Kiwanda kiko Dar, ndiyo, lakini chuma chenyewe kinakuja kwenye meli kikiwa kimekunjwa kama mkeka mkubwa, koili moja ina uzito wa tani kadhaa. Kiwanda kinakunjua, kinakata, kinakunja migongo, kinapaka rangi. Chuma, nauli ya meli na bima vyote vinalipwa kwa dola.

Rundo la pili, korosho 5. Hizi ni ushuru na kodi zinazotozwa kwa asilimia ya thamani ya mzigo. Hili ni la kazi yangu kabisa. Forodha wanachukua thamani kwa dola, bima na nauli humohumo, wanaigeuza shilingi kwa kiwango cha siku hizo, halafu ndipo wanapiga asilimia. Hata asilimia isipobadilika, inapigwa juu ya kitu kilichonenepa.

Rundo la tatu, korosho 7. Mishahara ya kiwandani, umeme, kodi ya fremu, faida ya duka, kibarua anayepakia. Hizo ni shilingi kwa shilingi.

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa karibu 2,300. Oktoba 2024 ilikuwa 2,700 na kitu. Maana yake kitu kilekile cha dola moja kinadai shilingi 17 zaidi katika kila 100. Rundo la 18 likawa 21 na kipande. Rundo la 5 likakaribia 6. Rundo la 7 likabaki 7. Hesabuni: 34.

Walinyamaza. Kisha yule mama akasema, "Kumbe zile bati tano zipo kwenye meli." Mzee aliyekuwa akikoroma akawa ameshakula korosho mbili za rundo la tatu, wakamwambia yeye ndiye mwenye duka.

Nimeleta hapa kwa sababu kuna maswali mawili sikuyajibu vizuri. La kwanza: kwa nini mwenye duka alipandisha hata bati alizokuwa nazo stoo, ambazo alinunua kwa bei ya zamani? La pili: dola iliposhuka Desemba 2024, mbona bati halikushuka?

Chuma cha Pua

Mkuu umewazungusha akina mama bure. Sababu ni moja, serikali inachapisha noti. Noti zikiwa nyingi shilingi inashuka, vitu vinapanda. Mambo ya meli ni mapambo.

Bi Mizani

Chuma cha Pua, uchapishaji ukizidi kweli unaangusha fedha, hilo hupingwi. Lakini ungekuwa ndiyo sababu ya kipindi hiki, muhogo, kuku na nauli ya bodaboda vingepanda sambamba na bati, kwa sababu noti zilezile zinanunua vyote. Mfumuko wa bei wa jumla Tanzania mwaka 2024 ulikuwa kama asilimia 3. Dola peke yake ndiyo iliyokimbia. Ukiona kitu cha nje kinapanda na cha shambani kimetulia, tafuta tatizo kwenye dola kwanza.

Na dola ilikuwa adimu kweli. Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu sifuri, kufika Julai 2023 ilikuwa imezidi asilimia 5. Pesa za dunia zikarudi kulala huko zinakolipwa vizuri. Wakati huohuo mafuta na mbolea vilikuwa vimepanda kwa vita vya Ukraine, kwa hiyo nchi ilihitaji dola nyingi zaidi kununua mzigo uleule. Nilikuwa nafanya kazi dawati la fedha za kigeni kwenye benki moja miaka hiyo. Mteja anakuja na shilingi zake taslimu anataka dola laki moja, unampa elfu tano na kumwambia arudi wiki ijayo.

Hapa namrekebisha kidogo mwanzisha uzi. Kiwango kilichobandikwa ukutani hakikuwa lazima ndicho alichopata mwenye mzigo. Aliyetaka dola haraka aliongeza kitu juu. Bei ya dukani inafuata kile kiwango alichokipata kweli, si kile cha ukutani. Kwa hiyo ukitumia kiwango cha gazetini kumhukumu mfanyabiashara utamwonea, hasa kwa mwaka 2023.

Katibu Mpya

Samahani wakuu, naona mnaongelea vikoba. Sisi tumeanza mwezi uliopita tuko 18, tunatoza asilimia 10 kwa mwezi kwenye mkopo. Kama shilingi imeshuka, je, turudishe riba chini? Na kama kuna mwenye katiba ya kikundi naomba anitumie.

Mpwa wa Kusini

Katibu, katiba nitamwomba shangazi ruhusa kwanza. Riba yenu haina uhusiano wa moja kwa moja na dola, mnakopeshana shilingi na mnarudishiana shilingi. Isipokuwa jambo moja: mkopaji wenu akiwa anauza vitu vya nje, sufuria, vitenge, vipuri vya pikipiki, mkopo uleule utamletea mzigo mdogo kuliko zamani. Marejesho hayapungui ila bidhaa za kuuza zimepungua. Angalieni hapo kabla ya kumpa mkopo wa pili wa kufunika wa kwanza.

Duka la Kona

Mimi ndiye huyo mnayetaka kumla nyama. Nina duka la vifaa vya ujenzi, si huko Masasi lakini sote tunachukua mzigo Dar. Nijibu swali la kwanza.

Tuchukue una bati 100 stoo, ulizinunua 27,000, unauza 30,000. Wakala wa Dar anakupigia simu Jumatatu anakwambia mzigo unaokuja utakuwa 31,000. Mteja anaingia Jumanne. Ukimuuzia zote kwa 30,000 unapata milioni 3, daftari linaonyesha faida ya laki tatu, mkeo anafurahi. Unapanda gari kwenda Dar kuchukua mzigo, milioni 3 gawanya kwa 31,000 inakupa bati 96. Umekula chakula cha watoto, kodi ya fremu na nauli kutoka hukohuko, ukirudi una bati 85 au 90. Rudia hivyo mara tatu, duka limebaki misumari.

Bei ninayokutajia leo inatokana na mzigo nitakaokwenda kuununua kesho, nilioununua jana hauhusiki tena. Niliwahi kuwa mwema mwaka 2023, nikauza kwa bei ya zamani mpaka stoo ikaisha. Walionisifu hawakuja kunikopesha.

Bi Mizani

Maelezo ya Duka la Kona ni mazuri kuliko ya wengi niliowahi kukaa nao mkutanoni. Na yanawahusu hao akina mama kwa njia nyingine, kwa sababu naamini nusu yao ni wafanyabiashara wadogo. Anayeuza vitenge akipiga faida kwa kulinganisha na bei aliyonunulia, anaweza kuja kikobani kila Jumamosi ananunua hisa kwa "faida" ambayo ni mtaji wake mwenyewe unayeyuka. Dalili yake haipo kwenye pesa, ipo kwenye kuhesabu vipande: mwezi wa tatu ulikuwa na doti ishirini, sasa una kumi na sita, na hujui zile nne zilikwenda wapi.

Ila, Mpwa wa Kusini, nina ugomvi na korosho zako. Umezipika. Umeanza na jibu la 34 halafu ukapanga marundo ili yafike hapo.

Mpwa wa Kusini

Nakiri, dada. Nilikuwa na 30 na nina 34, nikatafuta mgawanyo unaoingia. Lakini haukutoka hewani, kwa bidhaa ya koili sehemu ya nje kuwa zaidi ya nusu ni kitu ninachokiona kwenye nyaraka.

Bi Mizani

Mgawanyo sina shida nao. Shida ni kwamba umeacha rundo la 18 likae 18 kwa dola. Bei ya chuma duniani nayo inatembea. Mwaka 2022 baada ya vita kuanza chuma kilipanda sana, halafu 2023 na 2024 chuma cha China kikawa kinashuka, kwa sababu ujenzi wa nyumba kwao ulidorora na viwanda vikatafuta pa kukimwaga. Kwa hiyo wakati dola inapanda, kile kinachonunuliwa kwa dola kilikuwa kinapungua bei. Vikivutana hivyo, bati la yule mama halikupaswa kupanda kwa dola yote 17 katika 100. Pengine lilipaswa kupanda kidogo, pengine lisipande kabisa.

Fanya tena kwa korosho. Kama chuma kimeshuka kwa sehemu moja ya kumi kwa dola, rundo la 18 kwanza linakuwa 16 na kidogo, ndipo unalizidisha na dola, linarudi 19. La ushuru linakuwa 5 na robo. Jumla 31 na kitu. Kati ya 31 na 34 kuna korosho karibu tatu ambazo hujazieleza.

Chuma cha Pua

Hapo sasa! Korosho tatu ziko mfukoni mwa Duka la Kona.

Duka la Kona

Ziko wapi bwana. Umesahau dizeli? Lori la bati kutoka Dar hadi Masasi ni kilomita zaidi ya 500. Dizeli ni ya dola vilevile. Halafu wakala wangu anakopa benki kwa riba, na yeye mwenyewe anaagiza leo analipa baada ya miezi mitatu. Hajui dola itakuwa bei gani siku ya kulipa, anajiwekea kinga. Kinga hiyo analipa mteja wangu, halafu mteja ananitukana mimi.

Bi Mizani

Kinga ni kweli, na mwaka 2023 ilikuwa nene kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika hata wa kuipata dola yenyewe. Sisemi mwenye duka ameiba, nasema hatuwezi kujua kwa kuangalia dola tu. Anayetaka kujua inabidi afahamu vitu viwili: bei ya kitu kwa dola huko kinakotoka, na bei ya dola hapa. Akina mama walipewa kimoja.

Mpwa wa Kusini

Hii imeniuma lakini ni haki. Nilipokuwa pale mmoja wao aliuliza, "Na huko kwao bei haibadiliki?" nikampita haraka. Sasa naona alikuwa ameshika mahali penyewe.

Mzee wa Foleni

Vijana, mnazungumza kana kwamba dola ikishikiliwa bei isipande basi mambo yatakuwa mazuri. Mimi nilikuwa karani wa duka la ushirika miaka ya mwanzo ya themanini. Dola kwa bei ya serikali ilikuwa shilingi kumi hivi, imetulia. Bei ya sabuni ilibandikwa ukutani, imetulia kabisa. Sabuni ndiyo haikuwepo. Bati lilikuwa la kibali, na kibali kilikuwa cha mwenye ndugu. Ukitaka kwa haraka unakwenda kwa magendo, unalipa mara nne. Mwaka 1983 wakakamata walanguzi nchi nzima, maduka yakazidi kuwa matupu. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa thamani, kutoka 17 hivi kwa dola hadi 40 kwa mkupuo. Vitu vikaonekana dukani, bei ikawa ya kukimbiza watu.

Kwa hiyo nikisikia dada hapo juu anasema mwaka 2023 mteja alikuwa na shilingi zake benki na dola hapewi, nilisikia harufu ya zamani. Dola isipopanda kwenye karatasi inapanda kwenye foleni.

Binti Darajani

Mimi niko Maskati, kwetu Unguja. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola, rial moja ni dola 2.6 kila siku ya Mungu, haiendi huku wala kule. Dola ilipokuwa juu kwetu, mama alikuwa akipata shilingi nyingi kwa rial zilezile, akaniombea dua sana. Lakini mchele wa mapembe, mafuta ya kupikia na unga wa ngano vyote vyatoka nje. Mwisho wa mwezi aniambia, "Mwanangu pesa nyingi lakini kapu halijai zaidi." Nikamuuliza basi zilikokwenda, akasema hajui, labda wajukuu.

Swali langu: hao wa Masasi si wanauza korosho? Korosho zaenda nje. Mbona hamsemi kama na wao walifaidi?

Mpwa wa Kusini

Binti Darajani umegusa penyewe, na ndipo kikao kilipogeuka ugomvi wa kindugu.

Korosho ghafi inanunuliwa na watu wanaopeleka India na Vietnam, wanapiga hesabu kwa dola halafu wanatoa zabuni kwa shilingi. Niliwapa mfano wa kubuni: mnunuzi anaona kilo moja inamlipa akiinunua dola moja na nusu. Dola ikiwa 2,700 anaweza kuandika 4,050. Dola ikiwa 2,400 anaandika 3,600. Korosho ni ileile, ghala ni lilelile, 450 imepotea kwa kilo. Na ndivyo msimu wa 2024 ulivyokuwa: minada ya Oktoba ilifunguka kwa zaidi ya 4,000, dola ikiwa juu, na Desemba dola ilikuwa imeporomoka hadi karibu 2,400.

Wenye mikorosho wakasema kumbe shilingi ikishuka ni neema. Wasio na mikorosho, wanaouza maandazi na mama lishe, wakasema neema ya nani, ngano tunanunua sisi. Shangazi akapiga meza.

Bi Mizani

Naomba tu wasitoke wakiamini bei ya korosho ilikuwa dola peke yake. Mwaka ule mavuno ya Afrika Magharibi yalikuwa mabaya na Vietnam walihangaika kutafuta malighafi. Bei ya dunia ilipanda, dola ikaongeza juu yake. Na wala si kila senti ya dola inamfikia mkulima, kuna makato na kuna wanunuzi wachache kwenye mnada wa mbali.

Mvita Mashariki

Huku Mombasa hii tuliipitia ikiwa na kasi zaidi. Januari 2024 dola ilifika 160 za Kenya. Mimi kwa hofu nikanunua dola za kulipia mashine ya kusaga barafu nikaambiwa ngoja itafika 180. Februari serikali ikapata pesa za kulipa ule mkopo mkubwa wa nje uliokuwa unaogopesha watu, shilingi ikarudi juu kama kamba iliyokatika. Kufika mwisho wa Machi ilikuwa 130 na kitu. Mashine haikuwa tayari, nikarudishiwa dola zangu, nikazibadilisha kwa hasara ya karibu shilingi 30 kila dola. Chama chetu mpaka leo wananiita Dola.

Katibu Mpya

Kwa hiyo sisi tuweke akiba kwa dola?

Mvita Mashariki

Ndugu, umesoma nilichoandika?

Bi Mizani

Katibu, kwa kikundi cha kijijini nasema hapana, na sababu si ya kitabu. Mnaweka elfu mbili au elfu tano kila wiki. Kubadilisha kunahitaji safari hadi mjini, na duka la kubadilisha linawauzia kwa bei ya juu na kununua kwa bei ya chini. Mnapoteza kwenda na kurudi. Noti chakavu au ya mwaka wa zamani inakataliwa au inakatwa. Aliyenunua Oktoba 2024 kwa 2,700 akahitaji pesa yake Desemba, alipoteza zaidi ya shilingi 300 kwa kila dola, ndani ya wiki kumi. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, kwa hiyo bati hutalinunua kwa dola hata ukiwa nazo.

Duka la Kona

Nami nijibu swali la pili la mwanzisha uzi, mbona hatukushusha Desemba 2024. Mzigo niliokuwa nao niliuchukua dola ikiwa juu. Sawa, mtasema niuze kwa bei ya mzigo ujao kama nilivyofanya wakati wa kupanda. Ni hoja nzuri, sina jibu safi. Ukweli ni kwamba sikuamini. Nilisema hii itarudi. Na ilirudi, Mei 2025 dola ilikuwa karibu 2,700 tena.

Chuma cha Pua

Asante kwa kukiri. Kupanda mnatumia bei ya kesho, kushuka mnatumia bei ya jana.

Duka la Kona

Jirani yangu akishusha nashusha siku hiyohiyo. Mtaani kwetu tuko watatu wenye bati. Pale kijijini kwa shangazi nadhani yuko mmoja.

Mpwa wa Kusini

Yuko mmoja. Wa pili yuko kilomita 30.

Ila kuna kitu kimoja kinachoshuka bila kubembelezwa, mafuta ya gari. Ewura wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara ina hesabu yake kwa mafuta yanayoshukia bandari ile. Hesabu inachukua bei ya dunia na kiwango cha dola, vikishuka inashuka, kama ilivyotokea Januari 2025. Niliwaambia wakitaka kujua kama dola na mafuta vimepoa, wasikilize tangazo lile, halafu waende dukani na swali mkononi.

Mama mmoja akauliza mbona petroli haikupanda kama bati basi. Nilifurahi. Tozo kubwa za petroli zimewekwa kwa shilingi kwa kila lita, si kwa asilimia. Zile hazinenepi dola ikipanda. Zinapanda serikali ikiamua, kama Julai 2023 walipoongeza shilingi 100 kwa lita, na siku ile dola haikuwa na kosa.

Mzee wa Foleni

Mwisho kikundi kiliamua nini?

Mpwa wa Kusini

Hawajaamua, mzee. Kulikuwa na mawazo matatu.

La kwanza, kuhamisha siku ya kuvunja kutoka Septemba kwenda Desemba, kwa sababu niliwaambia dola huwa zinaingia kwa wingi nusu ya pili ya mwaka, watalii, dhahabu na mazao. Shangazi akauliza kama ni kila mwaka. Nikasema 2024 na 2025 ndiyo, 2023 ilipanda mwaka mzima. Akasema basi mvua ndiyo ya kila mwaka, Desemba nani atapanda juu ya paa.

La pili, wanaotaka bati wachangie wanunue kwa pamoja kidogokidogo kuanzia Machi, bati kumi kumi, zikae kwa mwanachama. Hapo bei haiwashtui kwa mkupuo. Shida ni kwamba pesa ya bati ikitoka sandukuni haipo tena kukopeshana, na ziada ya mikopo ndiyo inayonenepesha hisa. Mweka hazina alikataa katakata.

La tatu, kumlipa mwenye duka mapema kwa bei ya leo akawaandikia. Hili lilipata mikono mingi.

Binti Darajani

Hilo la tatu msifanye! Dada yangu alilipia saruji na nondo za nyumba nzima duka moja, risiti anayo mpaka leo, mwenye duka alihama na duka lake. Kupanda bei kwakula nyama, hivyo vyala na mfupa.

Duka la Kona

Hata mwenye duka mwaminifu, ukimlipa leo akaitia ile pesa kwenye saruji, bati zikipanda yeye ndiye anayebeba tofauti. Akielemewa atakuzungusha. Kama ni lazima, walipie bati zilizopo stoo, wazihesabu kwa mikono, waziandike jina, wazitoe siku hiyohiyo hata kama zitalala chini ya kitanda.

Bi Mizani

Au wapange lengo kwa bati badala ya shilingi. Kwenye daftari la mwanachama aandike "bati 40", na kila mwezi mmoja wao aulize bei dukani, wapige upya zimefika ngapi. Haizuii dola kupanda. Ila yule mama angejua mwezi wa nne kwamba anapungukiwa, asingejua siku ameshafika dukani na mkokoteni.

Mpwa wa Kusini

Nimemsomea shangazi hili kwa simu sasa hivi. Amesema wazo ni zuri, lakini wa kwenda kuuliza bei asiwe yule mzee, maana akifika dukani atakopa.